Noah au Prado: gari la watu saba hupimwa kuanzia siti ya nyuma

Ukifika yadi ya magari, muuzaji atakuanzishia mbele. Atakuwashia redio, atakuonyesha dashibodi na kamera ya nyuma, kisha atakuachia usukani uushike. Kwa kaya ya watu saba, huko ni kuanzia mwisho. Watu wawili tu ndio watakaokaa mbele. Watano watakuwa nyuma, na kati yao kuna mtoto anayetapika garini, kijana aliyerefuka ghafla na bibi mwenye goti bovu. Hao ndio watakaoamua kama gari lilinunuliwa vizuri, hata kama hawakuchangia shilingi.

Katika Afrika Mashariki mjadala huu una majina mawili makubwa. Kwa gari la familia la chini lenye mlango wa kuteleza, watu husema Noah, hata kama lililopo ni Voxy, ambalo ni pacha wake, au Serena ya Nissan. Kwa gari la juu, watu husema Prado. Yapo mengine, Alphard kwa upande mmoja na Pajero kwa upande wa pili, lakini hesabu zake hufuata njia zilezile. Kwa hiyo tushike haya mawili, tena yale yanayoingia kutoka Japani yakiwa yameshatumika, kwa kuwa ndiyo ambayo watu wengi huuziwa.

Kwanza tujue tunachozungumzia, maana Noah si moja. Ile ya zamani, iliyotoka kati ya 1996 na 2001, ina injini chini ya siti za mbele na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Hiyo ndiyo iliyojijengea jina la uvumilivu kwenye njia za vumbi za mikoani ilipofanywa gari la abiria. Kuanzia 2001 Toyota walibadili kila kitu: injini ikahamia mbele, magurudumu ya mbele yakawa ndiyo yanayovuta, na sakafu ikashuka. Kizazi cha 2007 kikaja na giaboksi ya CVT na injini ya ujazo wa sentimita 1,986, na cha 2014 kikashusha sakafu zaidi. Prado kwa upande wake haijabadilika tabia. Ya 2002 na ya 2009 zote zimejengwa juu ya chasi ya chuma kama lori dogo, bodi ikawekwa juu yake. Sifa zake nyingi na kasoro zake nyingi zinatoka kwenye chasi hiyo.

Sasa tuchukue kaya moja ya kufikirika lakini isiyo ngeni: baba na mama wa miaka arobaini na kitu, watoto watatu, mpwa anayesoma sekondari, na bibi wa miaka sabini na mitano. Wanaishi pembezoni mwa Dar es Salaam. Kila siku kuna shule na kazi, Jumapili kuna kanisa, mara moja kwa mwezi bibi anakwenda kliniki. Mwezi wa Desemba wanapanda kwao, kijiji kilicho mbele ya Lushoto.

Tuanze na bibi, kwa sababu urefu wa kupandia ndio jambo ambalo halitengenezeki baada ya kununua. Kwenye Noah ya 2014, sakafu ya mlango wa pembeni iko sentimita 36 kutoka ardhini, kwa zile zisizo na foili. Za kabla yake ziko juu kidogo, lakini bado chini ya nusu meta. Kiti cha kawaida cha mezani kina urefu wa kama sentimita 45, kwa hiyo hatua ya kuingia Noah ni fupi kuliko kiti. Bibi anashika kishikio kilicho kwenye nguzo ya mlango, anaweka mguu mmoja, anainama kidogo, anaingia, anageuka, anakaa. Mlango wenyewe umeteleza nyuma, haumzuii, na hata gari likiwa limebanwa kwenye maegesho bado unafunguka wote.

Kwenye Prado sakafu imepita nusu meta, kwa sababu chini yake kuna chasi, na chini ya chasi kuna nafasi ya sentimita 22 hivi hadi ardhini. Hatua ikivuka goti, mtu hapandi tena kwa mguu. Anapanda kwa mikono, kwa kujivuta. Kijana halioni hilo. Mzee mwenye bega linalouma analiona kila siku. Ile ngazi ya pembeni inayofungwa chini ya milango husaidia kuigawa hatua mara mbili, lakini ni nyembamba, matope yakiishika inateleza, na wakati wa kushuka humlazimu mtu kurusha mguu mbali zaidi ili aivuke, huku kitenge kikifuta matope yote yaliyo juu yake. Na kushuka ndiko kunakoumiza goti kuliko kupanda, kwa kuwa uzito wote unatua kwenye mguu mmoja. Zipo familia zinazotembea na kigoda ndani ya Prado kwa ajili ya mama mkwe. Si jambo la kuchekesha. Ni suluhisho zuri, ili mradi kiwe kipana na awepo wa kukishika.

Kwa hiyo kabla ya bei, chukua futi ya fundi cherehani uende nayo yadi. Pima kutoka ardhini hadi sakafu ya mlango wa nyuma, na kutoka ardhini hadi juu ya mto wa kiti. Nyumbani pima kutoka kisigino hadi goti la mzee wako. Vipimo hivyo vitatu vitakuambia mengi kuliko muuzaji. Ukiweza, mpeleke mwenyewe apande na kushuka mara kadhaa, si mara moja tu, maana mara ya kwanza kila mtu hujikaza.

Tukija kwenye nafasi, hapa ndipo wanunuzi wa Prado hushtuka wakiwa wameshalipa. Gari kwa nje ni kubwa, lina upana wa karibu meta 1.9, wakati Noah nyingi hazifiki meta 1.7. Lakini safu ya tatu ya Prado imewekwa juu ya ekseli ya nyuma, sakafu ikiwa juu na mto wa kiti ukiwa chini. Anayekaa pale magoti humpanda kifuani. Mtoto wa darasa la tatu atakaa vizuri. Yule mpwa wa sekondari ataanza kulalamika kabla ya Chalinze. Na ili afike huko, lazima siti ya safu ya pili ikunjwe, maana yake aliyekaa safu ya pili ashuke kwanza. Kama aliyekaa hapo ni bibi, basi kila kituo cha kujisaidia bibi anapanda na kushuka Prado bila sababu.

Noah ina sakafu tambarare kuanzia mbele hadi nyuma. Ile ya siti saba ina viti viwili vilivyoachana safu ya pili, na katikati kuna njia ya kupita hadi nyuma. Ya siti nane ina benchi la watu watatu, na hapo lazima kitu kikunjwe. Watu hukimbilia ya nane wakidhani wamepata siti ya bure, lakini kwa kaya yenye mzee na watoto, njia ya katikati ina faida kubwa kuliko siti ile. Mtu mzima anakaa safu ya tatu ya Noah bila kuteseka, mradi safu ya pili isogezwe mbele kidogo, na reli zake ni ndefu za kutosha kwa hilo.

Mizigo ni kilio cha wote wawili. Safu ya tatu ikiwa imesimama, nyuma ya Prado inabaki nafasi ya kupanga mabegi machache ya shule, basi. Noah ni nafuu kidogo, tena kwa sababu ya urefu wa ndani, si urefu wa sakafu: unapanga kwenda juu. Ila usipange hadi usawa wa vichwa, kwa kuwa breki moja ya ghafla itawaletea watoto sanduku shingoni. Watu saba wakisafiri na mizigo yao, gari lolote kati ya haya litahitaji keria. Na keria ya Prado iliyopakiwa sana ni hatari ambayo watu huipuuza. Gari lenyewe tayari liko juu, uzito ukiongezwa paani, kona ya kasi inaweza kulilaza.

Lipo jambo jingine kuhusu mizigo ambalo wengi hawajui. Wajapani wanapoandikisha gari, uzito wa mwisho unaoruhusiwa hupatikana kwa kuchukua uzito wa gari tupu na kuongeza kilo 55 kwa kila siti. Noah ya siti saba, basi, ilikadiriwa kwa kilo 385 za watu. Kaya yetu ina watu wazima watatu, kijana mmoja na watoto watatu, na wao peke yao wanakaribia kiasi hicho. Sasa weka mabegi ya Krismasi. Halafu wakati wa kurudi weka viazi, kabichi, pea za Lushoto na mkungu wa ndizi aliotoa shangazi, ambao haukataliki. Gari linakaa chini nyuma, pua inatazama juu, na ile nafasi ya sentimita 15 au 16 iliyokuwa chini ya Noah inapungua. Ndiyo maana Noah nyingi hufika gereji na shokapu zinazovuja, bushi zilizokatika na ekzosi iliyogongwa. Fundi mmoja aliwahi kumwambia mteja wake mbele yangu, "Bosi, hii gari haijaharibika. Imechoshwa."

Prado kwa chasi yake na springi zake huubeba mzigo huo bila kuonyesha uso. Hapa ndipo pesa yake ilipokwenda. Anayenunua Prado amenunua barabara. Siti za nyuma ni nyongeza.

Na barabara ndiyo inayopaswa kuigawa hukumu. Kutoka Dar hadi Mombo ni lami, zaidi ya kilomita 300, na kutoka Mombo kupanda Lushoto ni lami ya kona. Hapo Noah inakwenda bila tatizo, ingawa ikijaa watu hupanda mlima polepole na CVT hupiga kelele. Tatizo huanza baada ya lami kwisha, mvua ikiwa imenyesha. Noah za baada ya 2001 huvutwa na magurudumu ya mbele. Gari likijaa nyuma kisha likaanza kupanda, uzito unahamia nyuma na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Yale yanayopaswa kuvuta ndiyo yanayoelea. Kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa yanazunguka bila kushika, na dereva akizidisha mafuta gari linateleza pembeni. Dawa ya watu wa huko inajulikana: abiria washuke, mizigo isogezwe mbele, gari lipande tupu. Ile Noah ya zamani inayosukumwa kwa nyuma haina udhaifu huu kwa kiwango hicho, kwani mzigo unayakandamiza magurudumu yaleyale yanayofanya kazi.

Wapo wanaoinua Noah kwa kuweka spesa juu ya shokapu. Sentimita mbili au tatu hivi si mbaya. Zikizidi, shafti za mbele zinafanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa, na baada ya muda utasikia mlio wa kukatakata ukikata kona. Na ukumbuke kwamba kila sentimita uliyoiongeza chini ya gari umemwongezea bibi kwenye hatua yake.

Tuzungumze gharama. Nitatumia bei ya mviringo ya shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu isomeke. Bei halisi ya kikomo hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka ya kwako. Kaya yetu inatembea kama kilomita 1,000 kwa mwezi, nyingi zikiwa za foleni. Noah ya lita mbili katika foleni ya Dar hutoa takribani kilomita 9 kwa lita. Prado ya petroli ya ujazo wa lita 2.7, yenye uzito wa zaidi ya tani mbili, hutoa kama 6. Noah itakunywa lita 111, Prado lita 167. Tofauti ni lita 56, yaani shilingi 168,000 kila mwezi, na karibu milioni mbili kwa mwaka. Hizo ni ada za mtoto katika shule nyingi.

Serikali nayo iko ndani ya lita hizo. Mwaka 2017 Tanzania ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari na badala yake ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Tangu hapo, mwenye gari linalokunywa sana huilipia barabara zaidi ya jirani yake, hata kama wote wanapita kwenye mashimo yaleyale. Wakati wa kuingiza gari pia ukubwa wa injini una kauli: ushuru wa bidhaa Tanzania ni asilimia 5 kwa injini isiyozidi sentimita 2,000 na asilimia 10 ikizidi hapo. Noah iko chini ya mstari huo kwa sentimita chache tu. Prado imeuvuka.

"Basi nichukue Prado ya dizeli," atasema mtu, na ana hoja. Ile ya lita tatu hutoa kama kilomita 8 kwa lita mjini, na tofauti na Noah inakaribia kuwa ndogo. Lakini injini ile ina ugonjwa unaojulikana, hasa katika Prado za 2002 hadi 2009: washa za shaba zilizo chini ya nozeli huchoka, moshi wa mwako unavuja kuingia kwenye oili, masizi yanaganda na kuziba chujio la kunyonyea oili lililo kwenye sampu. Oili ikikosa kupanda, injini imekwisha. Dalili husikika asubuhi gari likiwa la baridi: mgongo mkavu kama nyundo, moshi mweupe, na kutetemeka likiwa limesimama. Kwa hiyo gari hili ukalitazame asubuhi, kabla muuzaji hajaliwasha. Ukikuta injini ina joto tayari, rudi kesho.

Noah nayo ina mtego wake, nao ni ile CVT. Inataka oili yake yenyewe, iliyoandikwa CVT kwenye kopo, ya aina iliyotajwa na kitabu cha gari. Gereji za mtaani hutia haidroliki ya kawaida kwa kuwa ni rahisi, na gari linatembea, kila mtu anafurahi. Miezi kadhaa baadaye linaanza kutetemeka likiondoka, kisha linazunguka injini bila kuongeza mwendo. Giaboksi nzima hubadilishwa kwa ya mtumba, na akiba ya mafuta ya mwaka mzima imekwenda. Unapolijaribu, liendeshe hadi lipate joto, lisimamishe kwenye mwinuko, kisha liondoe taratibu. Likishtuka au kutetemeka, liache.

Vitu vidogo vinafuata mkondo huohuo. Noah nyingi huvaa tairi za 195/65R15 zinazopatikana kila duka. Prado huvaa 265/65R17, na seti moja ni pesa ya kufikiria. Kumwaga oili kwenye Noah ni kama lita nne, kwenye Prado ya dizeli ni saba. Bima kubwa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwa hiyo gari la bei ya juu linaendelea kukudai kila mwaka. Upande wa Prado kuna jambo moja la kuiteteta: unapoiuza, bei yake haijaanguka sana.

Kuhusu starehe nitakuwa mfupi. Prado ikiwa na watu wanne ni gari tamu. Ikijaa saba, walio nyuma kabisa wanarushwa kwa kila tuta, kioo chao ni kidogo, na mwenye tumbo jepesi hatafika salama. Noah inatikisika zaidi kwenye makorongo lakini kwenye lami huwa tulivu, watoto wanaona nje, na nyingi zina matundu ya kiyoyozi juu ya safu za nyuma. Lijaribu saa saba mchana, siti zote zikiwa na watu, gari likiwa limesimama. Kiyoyozi kinachopoza dereva peke yake si kiyoyozi cha kaya.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo huko mnunuzi hukutana zaidi na Noah za kizazi cha 2014, zikiwemo za haibridi zenye injini ya lita 1.8. Kwa foleni ya Nairobi hizo hushinda wote kwa mafuta, ila kabla ya kulipa apatikane fundi wa kupima hali ya betri kubwa.

Kwa kaya yetu ya mfano, hukumu yangu ni Noah ya siti saba, iliyofungwa shokapu na springi mpya za nyuma, ikiwa na oili sahihi ya CVT. Wanapita njia mbaya wiki mbili kwa mwaka na njia ya kawaida wiki hamsini, na bibi anapanda gari mwaka mzima. Desemba wanaweza kuiacha Lushoto mjini na kukodi gari la wenyeji kwa kipande kilichobaki. Kama nyumba yako yenyewe iko ndani ya udongo unaokwama kila masika, hesabu inageuka: nunua Prado ya petroli, watoto wadogo wakae nyuma, na kigoda kisitoke garini.